Chupa Mbili za Saa Moja Jioni

MWANDISHI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tutazungumzia jambo ambalo wazee wengi hulisema kwa mshangao, kwamba kinywaji walichokinywa kwa miaka 40 bila shida sasa kinawaangusha, ingawa hawajaongeza hata funda moja. Mwenzangu katika kipindi hiki ni mfamasia, naye amekuja na kisa cha mzee mmoja wa Moshi ambaye ameturuhusu tukisimulie bila kumtaja jina.

MFAMASIA: Asante, dada. Mzee huyo ana umri wa miaka 71 na uzito wa kilo 70, uzito ambao anasema alikuwa nao pia alipokuwa na miaka 30. Wakati huo alikuwa akitumia dawa tatu kila siku: amlodipini na bendroflumethiazidi kwa ajili ya shinikizo la damu, na glibenklamaidi kwa ajili ya kisukari, ambayo aliimeza asubuhi na jioni. Siku hiyo alimeza dawa zake za jioni saa kumi na mbili, akakusudia kula baadaye, kisha akaenda kukaa na wenzake. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku alikunywa bia mbili za nusu lita na kula vipande vichache vya nyama choma.

MWANDISHI: Bia mbili tu? Nyumbani hawakudhani kwamba amepunguza hesabu?

MFAMASIA: Walidhani hivyo, kwa sababu usiku huo aliyumba mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa saa tatu, alipoinuka kitini ili aondoke, na mara ya pili ilikuwa saa kumi alfajiri akiwa nyumbani. Watu wote walisema ni pombe ileile. Mimi nataka tufuate saa moja baada ya nyingine, kwa sababu mayumbo hayo mawili hayakuwa na chanzo kimoja.

MWANDISHI: Basi tuanze na zile chupa zenyewe.

MFAMASIA: Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi halisi, ambazo uzito wake ni takriban gramu 20, kwa hiyo chupa mbili ni gramu 40. Alkoholi huenea katika maji ya mwili, wala haikai katika mafuta kwa kiasi cha kuzingatiwa. Kijana wa kiume wa kilo 70 ana maji yapatayo lita 42. Mwanamume wa miaka 71 mwenye uzito uleule huwa amepoteza misuli na kuongeza mafuta, na kwa kuwa misuli ndiyo inayobeba maji mengi, tunaweza kukadiria kwamba amebakiwa na lita 36. Mizani haioneshi badiliko hilo. Ukiyeyusha gramu 40 katika lita 42 na kisha katika lita 36, utaona kwamba chupa mbili za leo zinamfikia mzee huyu kama chupa mbili na theluthi za ujana wake.

MWANDISHI: Na kama ni bibi?

MFAMASIA: Bibi huwa na maji machache zaidi. Mwanamke mzee wa kilo 60 anaweza kuwa na lita 27 hivi, kwa hiyo chupa hizohizo mbili humpa mkolezo unaozidi ule wa kijana wetu kwa zaidi ya nusu. Hesabu hii inawezekana kwa bia ya chupa kwa sababu nguvu yake imeandikwa. Kwa mbege au mnazi hakuna anayeweza kukuambia, maana kinywaji huendelea kuchacha, na cha jioni si kile cha asubuhi.

MWANDISHI: Hata hivyo, kaka, theluthi moja ya chupa haitoshi kumwangusha mtu mzima. Kuna kitu kingine.

MFAMASIA: Haitoshi, na hapo ndipo dawa zinapoingia. Mtu anaposimama, damu inayofikia nusu lita au zaidi hushuka kuelekea miguuni na tumboni. Vihisio vilivyo katika mishipa ya shingo hutambua kwamba shinikizo limepungua, na papo hapo moyo huongeza mapigo na mishipa hujikaza. Kwa mzee mwitikio huo huchelewa, hata kama hajanywa chochote. Sasa mzee wetu amemeza amlodipini, ambayo kazi yake ni kulegeza mishipa, na bendroflumethiazidi, ambayo humkojoza na kupunguza maji mwilini. Juu ya hizo ameweka pombe, ambayo nayo hulegeza mishipa na huzuia ile homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji. Alipoinuka ghafla saa tatu, shinikizo lilishuka, macho yakaingia giza, akashika meza. Wenzake walimkalisha, na baada ya dakika chache akawa sawa kabisa.

MWANDISHI: Kule kupata nafuu baada ya kukaa ni dalili unayoiangalia?

MFAMASIA: Ndiyo, na inaweza kuthibitishwa kwa kipimo cha kawaida cha presha. Mtu hulala kwa dakika tano akapimwa, kisha husimama akapimwa tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo ni la kusimama. Mzee huyu alipopimwa kliniki siku nyingine, bila kuwa amekunywa, alishuka kwa 14. Hakuwa ameufikia mpaka huo, lakini alikuwa karibu nao kiasi kwamba bia mbili zilitosha kumvusha.

MWANDISHI: Tuje sasa kwenye saa kumi alfajiri.

MFAMASIA: Mke wake aliamshwa na kishindo, akamkuta ameketi sakafuni njiani kuelekea chooni. Nguo yake ya kulalia ilikuwa imelowa jasho la baridi, maneno yake hayakueleweka, na alipotaka kumwinua alimfokea, jambo ambalo si tabia yake. Mama alisema moyoni kwamba huyu bado amelewa, akamrudisha kitandani. Tufanye hesabu. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hivi za alkoholi kwa saa, na kasi hiyo haipungui sana kwa sababu ya uzee peke yake. Gramu 40 zilihitaji takriban saa sita. Alianza saa moja jioni, kwa hiyo kufikia saa saba usiku au muda mfupi baadaye pombe ilikuwa imekwisha mwilini. Saa kumi alfajiri hakuwa mlevi.

MWANDISHI: Basi alikuwa na nini?

MFAMASIA: Sukari ilikuwa imeshuka. Usiku tunapokuwa hatuli, ini ndilo linaloilisha damu sukari kwa njia mbili: hutoa akiba iliyowekwa na chakula, na akiba ikipungua hutengeneza sukari mpya. Ini linaposhughulika kuondoa alkoholi, ile njia ya pili huzibwa. Akiba nayo ilikuwa ndogo, kwa sababu mzee alikuwa amekula nyama, ambayo haina wanga, akaacha ndizi zilizokuwa zikimngoja nyumbani. Na muda wote huo glibenklamaidi ilikuwa inalisukuma kongosho litoe insulini, bila kujali kama kuna chakula au hakuna.

MWANDISHI: Umri una sehemu gani katika hilo?

MFAMASIA: Una sehemu kubwa. Glibenklamaidi ni dawa inayofanya kazi mwilini kwa muda mrefu, na mabaki yake ambayo bado yana nguvu hutolewa kwa sehemu kubwa na figo. Figo za mtu wa miaka 71 huchuja kidogo kuliko za kijana, kwa hiyo kidonge cha leo hukutana na mabaki ya kidonge cha jana. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60, lakini bado tunawapokea wazee wanaoitumia kwa sababu waliianza wakiwa na miaka 50 na hakuna aliyerudi kuitazama upya.

MWANDISHI: Kuna wasikilizaji watakaosema kwamba suluhisho ni rahisi: siku ya kunywa, acha vidonge.

MFAMASIA: Nasikia hayo dirishani kila Ijumaa, na yananiudhi. Kidonge cha jana bado kimo mwilini, kwa hiyo hatari ya sukari kushuka haijaondoka, na wakati huohuo presha imeachwa bila ulinzi. Vidonge vya usingizi ni vibaya zaidi kwa hesabu hiyo. Kuna kanuni ya kukadiria inayosema kwamba muda ambao nusu ya diazepamu huchukua kutoka mwilini, kwa saa, unakaribiana na umri wa mtu kwa miaka. Mzee wa miaka 70 aliyeimeza usiku wa Alhamisi bado anayo zaidi ya nusu anapokunywa bia Ijumaa jioni.

MWANDISHI: Turudi chumbani. Mama yule angetambuaje kwamba si ulevi?

MFAMASIA: Kwa saa, kwa jasho, na kwa mwenendo. Mlevi huelekea kupata nafuu kadiri usiku unavyokwenda, lakini huyu alirudi kutoka kwa wenzake akiwa anaongea vizuri, kisha akaharibika saa kadhaa baadaye. Kulala hakukumsaidia kama kukaa kulivyomsaidia saa tatu. Ninawaambia familia walitegemee jasho kuliko mtetemeko, kwa sababu mgonjwa anayetumia dawa za presha kama atenololi au propranololi anaweza asitetemeke wala asihisi moyo kwenda mbio, ila jasho litamtoka. Mwenye glukometa apime. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni sukari iliyoshuka, na chini ya 3.0 ni hatari. Asiye nayo asingoje uthibitisho. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui, asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

MWANDISHI: Na akizinduka baada ya sukari?

MFAMASIA: Bado aende. Dawa hii huweza kuishusha sukari tena saa kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana amepona. Mzee wetu aliokolewa na binti yake, aliyeingia saa kumi na mbili asubuhi na kukataa maelezo ya ulevi. Kituoni sukari ilisoma 2.4. Walimtundikia glukosi na kumweka hadi siku ya pili, na kweli mchana ilishuka tena.

MWANDISHI: Sasa anaishi vipi?

MFAMASIA: Daktari aliiondoa glibenklamaidi na kumpa metformini baada ya kupima figo, akamwonya kwamba hata hiyo haipatani na unywaji mwingi. Bendroflumethiazidi, ambayo alikuwa akiimeza jioni na kuamka mara tatu kwenda chooni, imehamishiwa asubuhi. Bia ni moja, siku ya Jumamosi, akiwa ameshakula.

MWANDISHI: Na nyama choma?

MFAMASIA: Hajaiacha, dada, ila siku hizi ndizi hutangulia.