Ampea Zilezile, Nyutro Tofauti: Jinsi ya Kujumlisha Fezori

Karibuni tena mafundi, mlioko Kampala, Arua, Mbale na kokote mnakotazama. Leo bisibisi ikae mfukoni kwanza. Tunahitaji karatasi, rula, kipimapembe na kalkuleta yenye saini na kosaini, ile ya mtoto wa sekondari inatosha kabisa.

Kazi yetu ni hii. Tuna jengo la maduka, tuseme pale Kisenyi, linalopokea umeme wa fezi tatu na waya nne. Volti ni 240 kati ya fezi na nyutro, 415 kati ya fezi na fezi. Fezi nyekundu inalisha tanuri la mikate, ampea 40. Fezi ya njano inalisha friza za samaki na pampu ya maji, ampea 30. Fezi ya bluu inalisha pasi za dobi, ampea 20. Swali: nyutro inabeba ampea ngapi?

Wapo watakaojibu 90, kwa kujumlisha tu. Hapana. Mikondo mitatu hii haifiki kileleni kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa inafutana pale inapokutana kwenye nyutro. Mafundi wengine watatoa fomula hii, ambayo imezunguka sana kwenye simu zetu:

```
IN = √(IR² + IY² + IB² − IR·IY − IY·IB − IB·IR)
```

Ukiweka 40, 30 na 20 unapata kipeuo cha pili cha 300, yaani ampea 17.3. Fomula si mbaya, lakini ina sharti ambalo hawalisemi: pawa fakta ya fezi zote tatu iwe sawa. Hapa si sawa. Tanuri na pasi ni nyaya za joto tupu, pawa fakta yake ni 1. Friza na pampu ni mota, na mota huchelewesha mkondo nyuma ya volti. Klampu mita yenye kupima pawa fakta inatuonyesha 0.8 kwenye njano. Kwa hiyo hiyo 17.3 tuiweke kando, tuchore fezori, yaani kila mkondo uwe mshale wenye urefu wa ampea zake na pembe yake.

Hatua ya kwanza, tafuta pembe ya kila mkondo. Volti ya nyekundu tunaipa pembe 0, inaelekea kulia. Volti ya njano iko nyuma yake kwa nyuzi 120, tunaandika -120. Ya bluu ni 120 chanya. Kuchelewa ni kuzunguka kufuata mshale wa saa, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo liandike juu ya karatasi yako kabisa.

Mkondo wa nyekundu uko pamoja na volti yake: pembe 0. Wa bluu pia uko pamoja na volti yake: 120. Wa njano unachelewa. Pembe yenye kosaini 0.8 ni nyuzi 36.87, nasi tunaitoa kwenye -120, tunapata -156.87. Angalia vizuri: tumeanzia volti ya njano, hatukuanzia volti ya nyekundu. Anayeandika -36.87 peke yake amesahau kwamba njano ina mahali pake pa kuanzia.

Hatua ya pili, chora kwa kipimo. Sentimita 1 iwe ampea 5. Anza na nyekundu: mstari wa sentimita 8 kwenda kulia, na mshale mwishoni. Pale mshale ulipoishia, weka kipimapembe na uchore njano, sentimita 6. Pembe ya -156.87 inakurudisha kushoto, ukishuka kidogo chini ya mlalo, kama nyuzi 23 hivi. Mstari huu karibu unaipinga nyekundu uso kwa uso. Kisha kutoka ncha ya njano chora bluu, sentimita 4, kwenda juu na kushoto kwa nyuzi 120.

Sasa pima kutoka ulipoanzia hadi ulipoishia. Kwenye karatasi yangu rula inasoma sentimita 1.2. Zidisha kwa 5: ampea 6. Huo ndio mkondo wa nyutro. Fezi zimebeba 40, 30 na 20, nyutro inabeba 6 tu.

Mstari mfupi namna hii ni hatari kwa mchoraji, maana ukikosea milimita 2 umekosea ampea nzima. Kwa hiyo tuhakikishe kwa kalkuleta.

Hatua ya tatu, gawa kila mkondo katika sehemu mbili, ya mlalo na ya wima. Ya mlalo ni ampea mara kosaini ya pembe, ya wima ni ampea mara saini. Kalkuleta nyingi za Casio zinakufanyia zote mbili kwa mpigo:

```
Rec(40,0)
Rec(30,-156.87)
Rec(20,120)
```

Nyekundu inatoa 40 na 0. Njano inatoa -27.59 na -11.78. Bluu inatoa -10 na 17.32. Kabla ya kubonyeza, tazama juu ya kioo kuna alama ya D au DEG. Ikiwa ni R, kalkuleta inadhani unasema radiani, na majibu yatakuwa upuuzi. Njia ya haraka ya kujua ni kujaribu kosaini ya 60: lazima itoe 0.5.

Jumlisha za mlalo: 40 toa 27.59 toa 10, inabaki 2.41. Jumlisha za wima: 17.32 toa 11.78, inabaki 5.54. Rudisha ziwe mkondo mmoja:

```
Pol(2.41,5.54)
```

Jibu ni 6.04, kwa pembe ya 66.5. Karatasi na kalkuleta zimekubaliana.

Sasa ndipo utamu wenyewe ulipo. Tuseme fundi mwingine alikuja kufunga jengo hilohilo, akaweka friza na pampu kwenye bluu, na pasi za dobi kwenye njano. Mizigo ni ileile. Ampea ni zilezile, 40, 30, 20. Mwenye jengo hataona tofauti yoyote. Tuchore upya.

Nyekundu haikubadilika, sentimita 8 kulia. Njano sasa ni sentimita 4 kwa -120, inashuka kushoto. Bluu ni sentimita 6, lakini pembe yake ni 120 toa 36.87, yaani 83.13, karibu wima kabisa na imeinamia kulia kidogo. Pima: sentimita 7.2. Ampea 36!

```
Rec(40,0)
Rec(20,-120)
Rec(30,83.13)
Pol(33.59,12.46)
```

Kalkuleta inasema 35.8. Kutoka 6 hadi karibu 36, bila kuongeza hata taa moja. Sababu iko kwenye mchoro. Kuchelewa kwa mota kulipokuwa kwenye njano kuliuzungusha mkondo ukaenda kuipinga nyekundu, wakafutana. Kwenye bluu, kuchelewa kulekule kunauondoa mkondo upande wa kuipinga nyekundu na kuuleta upande wake, kwa hiyo nyekundu inabaki karibu bila mpinzani. Na ile fomula ya simu inatoa 17.3 kwa majengo yote mawili, ikikosea kote kuwili.

Ukimkuta mtu amepitisha nyutro nyembamba kuliko fezi, akidai kwamba nyutro haina kazi, mwonyeshe mchoro huu wa pili. Breka kuu ya nguzo tatu inaangalia fezi peke yake. Nyutro ikipata moto, breka hiyo haina habari.

Hatua ya nne, kupima kwenye bodi. Hii ni kazi ya fundi mwenye kibali cha ERA, bodi iko na umeme, na upande wa mita tunawaachia wenye laini. Funga klampu kwenye nyutro, andika. Kisha zungusha klampu kwenye fezi zote tatu kwa pamoja, bila nyutro. Klampu inajumlisha fezori yenyewe, kwa hiyo namba hizi mbili zinapaswa kulingana. Zikitofautiana, kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, aghalabu kupitia waya wa ethi, na hiyo ni hitilafu ya kutafutwa siku hiyohiyo.

Sasa linganisha na hesabu. Kama ulihesabu 6 na klampu inasoma 36, usikimbilie kulaumu klampu. Yawezekana rangi kwenye bodi hazifuati mfuatano halisi wa fezi. Waya unaoitwa njano huenda ndio bluu. Kipima mfuatano wa fezi kitakuambia kwa dakika moja. Na tafadhali, rangi zenyewe tuziangalie mara mbili: kwenye majengo yetu ya zamani nyeusi ni nyutro, na kwenye mfumo mpya wa kahawia, nyeusi na kijivu, nyeusi ni fezi na bluu ndiyo nyutro. Jengo lililoongezwa ghorofa baadaye laweza kuwa na mifumo yote miwili. Kipimo kwanza, macho baadaye.

Kama hesabu zote mbili hazilingani na klampu, na klampu iko juu, waza juu ya vifaa: kompyuta, chaja, taa za LED za bei ya chini. Hivi huvuta mkondo usio na umbo la wimbi safi, na sehemu yake ya 150 Hz inafika kwenye nyutro ikiwa kwa wakati mmoja kutoka fezi zote tatu, kwa hiyo hiyo haifutani, inajumlishana. Weka klampu kwenye nyutro na uchague Hz. Ikisoma 150 badala ya 50, umempata mhusika, na mchoro wetu wa leo pekee hautoshi, kwa sababu ulichorwa kwa 50 Hz tu. Klampu yenyewe iwe ya true RMS, maana ile ya kawaida itakudanganya kwenye mawimbi kama hayo.

Jambo la mwisho kabla hujafunga mlango wa bodi. Kwenye jengo letu la kwanza nyutro ilisoma 6, na kuna atakayesema mizigo imesawazishwa. Haijasawazishwa hata kidogo: nyekundu ina 40 na bluu ina 20. Nyutro ndogo imetokana na pembe. Siku friza na pampu zikizimwa zote kwa pamoja, njano inabaki tupu, na nyutro inabeba jumla ya 40 kwa pembe 0 na 20 kwa 120. Ichore: inatoka ampea 34.6. Kwa hiyo unapochagua unene wa nyutro, chora jengo likiwa na kila mzigo, halafu chora tena ukizima fezi moja moja, kisha mbili mbili, na utumie namba kubwa kuliko zote.