Zohali, Mshtarii na Hoja ya Mwanzo wa Ulimwengu

Ndugu wasikilizaji, hoja tutakayoipima leo mnaifahamu nyote, kwa hiyo sitaipamba. Kila kilichoanza kuwapo kina kilichokianzisha. Ulimwengu ulianza kuwapo. Basi ulimwengu una aliyeuanzisha. Sentensi ya kwanza hugombewa sana, na ya tatu hufuata yenyewe mbili za mwanzo zikikubaliwa. Mimi nimekuwa nikisisitiza kwa miaka mingi, na leo nasisitiza tena, kwamba mzigo wote umebebwa na sentensi ya pili, na kwamba wengi wanaoitangaza hoja hii hawajawahi kuuliza inathibitishwaje. Wanasema ulimwengu ulianza, kisha wanakimbilia hitimisho. Wazee walioijenga hoja hii hawakukimbia hivyo. Walijua kwamba Aristotle alifundisha ulimwengu usio na mwanzo, na kwamba asiyemjibu hapo hajathibitisha kitu.

Jibu lililo bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la mizunguko ya sayari. Lilianza na Yohane Filoponi, Mkristo wa Alexandria wa karne ya 6, na karne tano baadaye likachukuliwa na Imamu Ghazali katika swali la kwanza la kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokimaliza mwaka 1095. Naomba tulifuate polepole, maana ndilo nililokuja kulisema.

Ghazali anasema hivi. Jua hukamilisha mzunguko wake kwa mwaka mmoja, Mshtarii kwa miaka 12, Zohali kwa miaka 30. Anazungumza kwa elimu ya nyota ya zama zake, iliyoliona Jua likiizunguka dunia, lakini hilo halidhuru hoja. Ukisema dunia ndiyo inayozunguka, hesabu inabaki ile ile, na hata vipimo vya leo, karibu miaka 29 na nusu kwa Zohali na karibu 12 kwa Mshtarii, havibadilishi kitu. Kwa hiyo mizunguko ya Zohali ni theluthi ya sehemu ya kumi ya mizunguko ya Jua, na ya Mshtarii ni nusu ya sehemu ya sita. Chukueni miaka 60: Zohali imezunguka mara 2, Mshtarii mara 5, Jua mara 60. Chukueni miaka 600: mara 20, mara 50, mara 600. Uwiano haubadiliki, lakini pengo linakua. Lilikuwa 58 kati ya Zohali na Jua, sasa ni 580. Kadiri mnavyorudi nyuma, ndivyo Zohali inavyozidi kuachwa.

Sasa, asema Ghazali, tuseme ulimwengu hauna mwanzo. Mizunguko ya Zohali haina idadi inayokoma, na ya Jua haina idadi inayokoma. Vipi basi kitu kisicho na ukomo kiwe sehemu ya thelathini ya kingine kisicho na ukomo? Kisha anaongeza swali la pili: mizunguko hiyo ni shufwa au ni witiri? Mkisema ni shufwa, imepungukiwa na mmoja tu ili iwe witiri. Mkisema ni witiri, imepungukiwa na mmoja ili iwe shufwa. Na kisicho na ukomo kinapungukiwaje na kimoja?

Ni hoja ya mtu mwenye akili kali, na haifai kujibiwa kwa kupunga mkono. Hata hivyo naamini haithibitishi kilichokusudiwa. Tatizo linaonekana tukiihesabu mizunguko kwa kurudi nyuma kutoka leo. Uweke mzunguko wa mwisho wa Zohali ubavuni mwa mzunguko wa mwisho wa Jua, wa pili kutoka mwisho ubavuni mwa wa pili, wa tatu ubavuni mwa wa tatu, na uendelee hivyo. Ikiwa ulimwengu ulianza miaka 600 iliyopita, mizunguko ya Zohali itakwisha ufikapo wa ishirini, na mizunguko 580 ya Jua itabaki bila mwenzi. Hapo neno "pungufu" lina maana iliyo wazi. Lakini ikiwa hakuna mwanzo, Zohali haikwishi kamwe, na hakuna mzunguko hata mmoja wa Jua utakaokosa mwenzi. Ule wa milioni una wa milioni wake, ingawa ule wa Zohali ulitokea zamani zaidi.

Maana yake ni kwamba tulikuwa tukitumia vipimo viwili tukidhani ni kimoja. Cha kwanza huuliza ni mizunguko mingapi imetokea ndani ya muda uliopimwa, na ndicho kinachotoa moja kwa thelathini. Cha pili huuliza kama kimoja kinaweza kuwekwa ubavuni mwa kingine bila baki. Katika vitu vyenye ukomo vipimo hivi hukubaliana daima, na ndiyo sababu hatukuwahi kuvitenganisha. Katika visivyo na ukomo vinaachana, na mtaalamu wa hesabu Georg Cantor, kuanzia miaka ya 1870, alijenga elimu nzima juu ya kuachana huko bila ukinzani huo kujitokeza. Kuhusu shufwa na witiri, hizo ni sifa za hesabu iliyofungwa pande zote mbili; mfululizo usio na mwanzo hauna hesabu ya namna hiyo, hivyo kukosa sifa hizo si kasoro yake.

Wapo watakaosema nimemjibu mtu wa karne ya 11 kwa silaha za karne ya 19. La hasha. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa karne ya 12, katika kitabu alichokiandika kumjibu Ghazali, alisema jambo hilo kwa lugha ya zama zake: uwiano hupatikana kati ya sehemu mbili zenye mipaka, na hakuna uwiano kati ya mizima miwili isiyo na mipaka, kwa sababu mizunguko iliyopita haikuwahi kuwa mzima mmoja uliokusanyika. Ibn Sina, mwanafalsafa aliyemtangulia hata Ghazali, alikuwa ameweka sharti kwamba kisicho na ukomo huwa muhali pale tu vitu vyake vinapokuwapo kwa pamoja na kwa mpangilio. Mizunguko iliyopita ina mpangilio, lakini haipo kwa pamoja.

Na hapa nimpe Ghazali haki yake, kwa maana alikwisha kuliona jibu hilo likija. Aliwaambia wanafalsafa hao: ninyi mnasema roho za wanadamu hazifi, na mnasema wanadamu hawana mwanzo, basi roho zisizo na ukomo zipo sasa hivi, kwa pamoja. Wafuasi wa Ibn Sina walibaki na jibu moja, kwamba roho hazina mpangilio wa kutangulizana kama sababu na matokeo, na sidhani kuna mtu aliyewahi kuridhika nalo kikamilifu. Lakini angalieni alichopata Ghazali kwa pigo hilo. Amewabana watu wenye imani fulani kuhusu roho. Hajathibitisha kwamba mizunguko ya zamani ina mwanzo.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa hoja hii hulinyamazia, na kunyamaza huko hunikera. Igeuzeni hoja ielekee mbele. Waumini wengi wanakubali kwamba maisha yajayo hayana mwisho. Basi huko mbele pia kinachotokea kila baada ya miaka 30 kitakuwa theluthi ya sehemu ya kumi ya kinachotokea kila mwaka, na vyote viwili bila ukomo. Ikiwa uwiano huo ni muhali nyuma, kwa nini si muhali mbele? Mwanakalam mmoja, yaani mwanatheolojia wa Kiislamu, alikuwa na ujasiri wa kulifuata swali hilo hadi mwisho wake. Abu al-Hudhayl, wa madhehebu ya Muutazila, aliyefariki karne ya 9, alisema kwamba harakati za watu wa peponi nazo zitafikia kikomo, kisha watabaki katika utulivu wa milele. Ghazali anamtaja na kumkataa. Kwa kawaida hujibiwa kwamba yajayo hayajatokea, hivyo hayafanyi jumla iliyokamilika, ilhali yaliyopita yamekwisha kutokea. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini anayeitumia amekwisha kuiacha hoja ya uwiano, maana uwiano ni ule ule pande zote mbili. Sasa anategemea hoja nyingine, ile ya kuvuka.

Hoja ya kuvuka nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa muda unanibana. Inasema: kama siku zisizo na ukomo zilitangulia leo, leo isingefika, kwa sababu kisicho na ukomo hakivukiki. Mtakatifu Thoma wa Akwino alijibu kwamba kuvuka ni kutoka mahali hadi mahali. Chagua siku yoyote iliyopita, na siku zilizo kati yake na leo zina idadi. Mwenzake Bonaventura alikuwa amekwisha kulibishia jibu la namna hiyo: kama hakuna siku iliyo mbali na leo kwa umbali usio na ukomo, basi zote ziko kwa umbali wenye ukomo, na kwa hiyo zina mwanzo. Hitimisho hilo halifuati. Kila namba ya kuhesabia ina ukomo, na bado namba hazikomi.

Msidhani Thoma alisema hivyo kwa kuipuuza imani. Aliamini kwamba ulimwengu ulianza, ila aliandika kwamba jambo hilo hulijua kwa imani na si kwa uthibitisho, akawaonya wasomi wenzake kwamba kuleta sababu zisizobana ni kuwapa wasioamini nafasi ya kucheka. Onyo hilo ndilo linalonisimamisha hapa. Yeye alimtafuta Muumba kwa njia isiyohitaji tarehe, yaani kwa kuuliza kinachoufanya ulimwengu uwepo sasa badala ya kutokuwapo. Augustino alikwisha kuwanukuu wafuasi wa Plato waliotoa mfano wa mguu uliokanyaga vumbi tangu milele: alama ya mguu ingekuwapo daima, na bado ingekuwa kazi ya mguu.

Najua swali linalosubiri: na sayansi je? Ulimwengu unaopanuka, wenye umri wa takriban miaka bilioni 13.8? Hiyo ni njia tofauti ya kufikia sentensi ya pili, na Papa Pio XII aliitaja kwa matumaini makubwa mbele ya wanasayansi mwezi Novemba 1951. Lakini Padre Georges Lemaître, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulitokana na kile alichokiita atomu ya mwanzo, alishikilia kwamba nadharia yake isimame nje ya maswali ya dini. Alijua kuwa hali ya awali ambayo milinganyo inaishia hapo si lazima iwe mwanzo wa kuwapo. Inaweza kuwa ni mwisho wa uwezo wa milinganyo yenyewe.

Nilikusudia pia kueleza kwa nini Ghazali aliona mwanzilishi lazima awe na utashi, kwa kuwa nyakati zote kabla ya ulimwengu zilifanana na lazima kitu kiupendelee wakati mmoja. Sehemu hiyo siwezi kuitendea haki kwa dakika zilizobaki. Atakayetaka kuifuata aisome katika swali lile lile la kwanza la Tahafut, na asome jibu la Ibn Rushd sambamba nalo, aya kwa aya, asimwache hata mmoja wao kuzungumza peke yake.