Kamba ya Kitambulisho Kifuani: Anzeni na Kivuli

Asanteni. Naona wengi mmekuja na kompyuta zenu. Nawaomba msizifungue kwanza, maana namjua fundi picha: akifungua tu, mkono unakimbilia Healing Brush ya Photoshop, na hiyo ndiyo brashi ninayotaka leo ikae pembeni kidogo.

Kazi yenyewe mnaijua. Sabasaba imekwisha, picha zimepigwa kule viwanjani Barabara ya Kilwa, na mama mmoja mwenye banda anataka picha yake iwekwe kwenye bango. Ametoka vizuri, gauni la kitenge limemkaa, ila kifuani ana kamba ya kitambulisho iliyoshuka kutoka mabegani hadi tumboni. Anasema, "Mwanangu, nitolee hiyo kamba, gauni libaki kama lilivyo."

Najua kuna anayejiuliza moyoni, kwani mpiga picha hakumwambia avue? Ndiyo, angemwambia. Nimelisema hilo hadi nimechoka, na kila mwaka picha zinakuja na kamba zake. Tuendelee.

Sasa nisikilizeni hapa, hata mkisahau mengine yote. Kamba inakifanyia kitambaa mambo mawili tofauti. Pale ilipolala, imekifunika. Nyuzi hazimo kwenye picha, hakuna namna ya kuzirudisha, itabidi tuazime kwingine. Lakini pembeni yake kuna kivuli, na chini ya kivuli kitambaa kipo! Ua lipo, uzi upo, mshono upo, mwanga tu ndio umepungua. Na watu wanafanya nini? Wanafuta kamba pamoja na kivuli chake, wanapaka juu ya kitambaa kizima kilichokuwa hakina kosa. Kamba ya sentimita 2 wanaitolea gauni sentimita 5. Halafu wanashangaa kwa nini kifua cha mama kinang'aa kama kimepigwa pasi ya moto.

Wapo wa kundi la pili, wanaofuta kamba na kivuli wanakiacha. Hao mteja anawaambia, "Mbona bado naiona?" Anaona kweli. Kivuli kinachotoka kwenye kitu ambacho hakipo, jicho linakishika hata kama mwenye jicho hajui anachokiona.

Kwa hiyo tunaanza na kivuli, kamba tunaiacha palepale. Wekeni leya ya Curves juu ya picha, inueni mstari katikati mpaka ua lililo kivulini lifanane na ua lilelile lililo kwenye mwanga. Hapo kitenge kinatusaidia sana, kwa sababu ua linajirudia, unacho cha kulinganishia. Geuzeni maski iwe nyeusi, kisha pakeni nyeupe juu ya kivuli tu. Kivuli kikiwa karibu na kamba ukingo wake ni mkali, kikienda mbali kinafifia. Na brashi iwe hivyohivyo, ngumu kidogo huku, laini kule. Mkipaka kwa ulaini mmoja mtapata mstari mweupe pembeni, yaani mmeondoa kivuli mkaleta taa.

Mtaona rangi imekwenda kwenye buluu. Msiogope. Nje, kivuli cha jua kinaangaziwa na anga, na anga ni ya buluu. Ndani ya Curves hiyohiyo chagueni Blue, shusheni kidogo. Kidogo!

Kuna mpaka wake. Kama kivuli ni cheusi kabisa, hakina alama yoyote ndani, hapo hakuna cha kuinua. Na picha ya JPEG iliyobanwa sana, ukiinua kivuli unakutana na vijumba vya mraba badala ya nyuzi. Sehemu hizo zihesabuni pamoja na kamba, zitaazimiwa. RAW ingewapa nafasi zaidi, lakini mteja kakutumia kwa WhatsApp, utafanyaje.

Haya, kamba yenyewe. Kwenye picha ya wima yenye pikseli 6000 kwa urefu, mama akiwa ameonekana sentimita 90 hivi za mwili, kamba ya sentimita 2 inachukua kama pikseli 130. Izungusheni kwa Pen, geuzeni iwe Selection, mpanue pikseli 2 au 3 ili ukingo wa rangi ya kamba usibaki kama uzi. Fungueni leya tupu juu ya ile Curves, chukueni Clone Stamp, na kwenye Sample wekeni Current & Below. Mpangilio huo una sababu. Ukiweka Curves juu, halafu ukaazima kwa All Layers, mwanga unaongezwa mara mbili, na utakaa nusu saa ukitafuta kosa liko wapi.

Kwa nini nisitumie Healing Brush? Kwa sababu yenyewe inachukua nyuzi unakoazima, lakini rangi na mwanga inavichanganya na vya pale unapopaka. Ukiwa bado una kipande cha kamba ya buluu pembeni, buluu hiyo inavuja ndani ya kitenge. Itafaa mwishoni, kamba ikishatoweka yote.

Ugumu wa brashi: asilimia 70 hadi 80. Hapa huwa nagombana na watu. Wanasema brashi laini inaficha kiungo. Inaficha, lakini inaua kitambaa. Ukingo laini maana yake unaweka nyuzi za hapa nusu juu ya nyuzi za pale nusu. Haziangukii mahali pamoja, zinafutana, na unabaki na utepe wa ukungu kuizunguka kila alama ya brashi. Jaribuni kwenye shati la drafti muone aibu yake.

Azimeni kutoka mahali palipo kwenye mkunjo uleule na mwanga uleule, ua kwa ua: weka alama kwenye ncha ya jani, anza kupaka kwenye ncha ya jani lilelile. Kitambaa kimeinama kufuata kifua, basi fungueni Clone Source mzungushe digrii chache hadi uzi ufuate uzi. Na mkifika kwenye mshono, simameni. Fundi cherehani alikata ua pale, upande wa pili ni kipande kingine. Ukilipitisha ua juu ya mshono, kila mwanamke aliyewahi kushona gauni atajua umedanganya.

Kile kitambulisho chenyewe tumboni... naona naoneshwa saa. Kwa kifupi, kopi kipande kizima chenye ua hilo kutoka chini ya gauni, kipindeni kwa Warp, kisha mtengeneze kingo kwa Clone Stamp.

Kukagua: wekeni juu Curves ya muda yenye mstari wa mwinuko mkali sana, mtazame kwa asilimia 100. Kivuli kilichobaki kitajitokeza chenyewe, na ukungu pia. Kisha ifuteni.

Waya wa spika za masikioni, ambao nao wateja wanaomba utolewe, sikuugusa, najua. Ni mwembamba, kivuli chake kwenye shati mara nyingi ni kipana kuliko waya wenyewe, kwa hiyo kazi kubwa ni ileile ya Curves. Ukipita kwenye ndevu, hilo somo lingine na leo halitoshi. Yule kaka wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja brashi laini, simama, uliza.