Mibofyo ya Dar, wateja wa Kirumba: kusoma ripoti ya maeneo kabla ya kukata mkoa

Habari za mchana, ndugu zangu. Leo tunashughulika na ukurasa mmoja tu wa Google Ads, ule unaokuonyesha waliobofya tangazo lako walikuwa wapi. Fungua `Insights and reports`, halafu `Report editor`, halafu ripoti ya `User locations`. Wengi wakifika hapo hutafuta mkoa wenye mibofyo mingi na mauzo sifuri, wanaukata usione tangazo tena, wanafunga kompyuta. Kuna mikoa inayostahili hivyo. Kuna mmoja ambao ukiukata kwa haraka unaweza kumkata mteja aliyesimama mlangoni kwako.

Tuchukue duka la mfano pale Kirumba jijini Mwanza, karibu na soko la dagaa la Mwaloni, linalouza taa za sola za kuvulia dagaa. Kila taa inaacha faida ya shilingi 25,000. Tangazo limelenga Tanzania nzima, na kila mbofyo unagharimu kama shilingi 250.

Kwanza kipindi cha ripoti. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa kazi hulala. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, kwa hiyo chukua siku 59, yaani mizunguko miwili kamili. Ukichukua wiki mbili zilizoangukia mbalamwezi, kila mkoa utaonekana hauna faida. Tena usiishie jana. Ishia wiki moja nyuma, kwa sababu aliyebofya jana huenda akalipa Jumamosi, na mauzo hayo yataandikwa kwenye siku aliyobofya.

Pili, hakikisha safu ya `Conversions` inahesabu mauzo kweli. Hapa kwetu mteja anabofya kitufe cha WhatsApp, mnapatana bei, analipa kwa simu. Kama mfumo unahesabu kubonyeza kitufe kuwa ni mauzo, ripoti yote itakudanganya, maana watu wa mbali ndio hubonyeza sana kuuliza bei tu. Mwambie fundi wa tovuti afanye hivi: mteja anapobonyeza, ukurasa uhifadhi alama ya mbofyo iitwayo `gclid` pamoja na namba ya oda, kisha ujumbe ufunguke ukiwa tayari na namba hiyo.

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20oda%20417
```

Oda ikilipwa, unapakia `gclid` yake kwenye Google Ads kabla ya siku 90 tangu mbofyo. Na kwenye daftari la oda ongeza safu moja: mzigo umepelekwa wapi. Safu hiyo tutaihitaji sana hapo mbele.

Sasa ripoti yenyewe. Mwanza mibofyo 520, mauzo 16. Geita 140, mauzo 5. Mara 150, mauzo 4. Kagera 110, mauzo 3. Jumla ya mikoa hiyo minne ni mibofyo 920 na mauzo 28, yaani taa moja kwa kila mibofyo kama 33, na gharama ya kumpata mnunuzi mmoja ni shilingi 8,200 na ushee. Hapo biashara ipo. Baada ya hapo yanafuata matatu yenye shida: Simiyu mibofyo 40 bila mauzo, Kenya 130 bila mauzo, na Dar es Salaam mibofyo 610, mauzo 2.

Simiyu iache. Kama kawaida yako ni taa moja kwa mibofyo 33, mibofyo 40 inaweza kupita mitupu kwa bahati mbaya tu, karibu mara 30 katika 100. Wilaya yake ya Busega nayo iko kando ya ziwa, ina wavuvi. Subiri mpaka mibofyo ifike mara tatu ya kiwango chako, hapa kama 100. Sifuri ikiwa bado sifuri hapo, uwezekano wa bahati mbaya umeshuka hadi kama 5 katika 100, na ukikata unakata kwa haki.

Kenya imeshapita 100, na duka halisafirishi mzigo kuvuka mpaka wa Sirari. Lakini jiulize iliingiaje wakati ulilenga Tanzania. Jibu liko kwenye `Location options`: mpangilio unaokuja wenyewe ni `Presence or interest`, unaomhesabu pia mtu wa Kisumu aliyetafuta bidhaa za Mwanza. Hamia `Presence`, wabaki walioko hapa au wanaofika mara kwa mara. Kisha iweke Kenya kwenye orodha ya kutengwa iwe kufuli la pili: `Settings`, `Locations`, andika jina, bonyeza `Exclude`.

Dar ndiyo kesi ngumu. Imekula shilingi 152,500 kwa taa mbili, yaani 76,250 kwa taa yenye faida ya 25,000. Mkasi unawasha mkononi. Lakini ndani ya neno hilo Dar kuna watu wa aina tatu. Wa kwanza anataka taa ya sebuleni, hatanunua kamwe. Wa pili yuko Dar kweli, ila anamnunulia baba yake aliye Nansio, Ukerewe. Wa tatu yuko Mwaloni sasa hivi, ila simu yake imesomeka Dar. Google hukisia mahali kwa ishara za simu na kwa anwani ya IP, na mtu asiyewasha `location` anaweza kusomeka pale lango la mtandao wake lilipo.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Zitafute zile oda mbili. Zikiwa zimepelekwa Ukerewe au Kirumba, mkoa huo una wateja wako ndani yake. Na kumbuka kutenga hushinda kulenga: simu iliyosomeka Dar haitaona tangazo hata kama mwenyewe anasikia mlio wa kivuko.

Kwa hiyo itenge Dar kwenye kampeni kuu, ila siku hiyohiyo fungua kampeni ya pili ya Dar peke yake, shilingi 1,500 kwa siku, na maneno ya utafutaji yenye "dagaa" au "kuvulia" tu. Faida yake nyingine ni kwamba ripoti ya `Search terms` haigawanyiki kwa mkoa. Mkoa ukiwa na kampeni yake ndipo unaona watu wake wanaandika nini. Ukikuta "taa za sola za nyumbani", basi kosa lilikuwa la maneno, na dawa yake ni kuyazuia maneno hayo kwenye kampeni zote mbili. Kwa mibofyo sita kwa siku utafika 100 ndani ya siku 17 hivi.

Kaka pale nyuma anauliza, je, kama ameshaikata Dar mwezi uliopita? Fungua daftari, kaka, si ripoti. Hesabu oda zilizopelekwa ndani ya Mwanza kwa mzunguko mmoja wa mwezi kabla ya kukata na mmoja baada yake. Pesa ya Dar ilihamia mikoa iliyobaki, kwa hiyo oda za Mwanza zilipaswa kupanda, au angalau kubaki palepale. Kama zimeshuka na bajeti ni ileile, umewakata majirani zako. Irudishe Dar leo, kwenye kampeni yake ndogo.