MZIGO UMEKWAMA AU UNATEMBEA? Maneno ya Kijerumani kwenye ukurasa wa kufuatilia mzigo

Haya jamani, habari zenu. Leo nimekaa hapa kwa sababu ya skrinishoti. Kila nikifungua maoni nakuta picha ya ukurasa wa Kijerumani na chini yake, "Dada, hapa wanasema nini?" Nikijibu mmoja, wanakuja watano. Sasa najibu wote kwa pamoja, na naomba asije mtu kuniambia najionyesha najua Kijerumani. Hiki cha kwenye kurasa za vifurushi nimekijua kwa shida, sikukisomea. Wala sijaja kulia lia kwamba huku maisha magumu. Nazungumzia mizigo iliyotumwa kwa posta kuja Ujerumani, basi. Kampuni binafsi za usafirishaji zina namba zao na utaratibu wao.

Tuanze na namba, maana hapo ndipo wengi mnaponitesa. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka, mfano EE123456785TZ. Ikianza na E ni EMS, ikianza na C ni kifurushi, ikianza na R ni rejista. Mzigo ukishapanda ndege, ukurasa wa posta ya nyumbani unaweza kunyamaza kabisa, kwa sababu angani hakuna anayeuskani. Namba ni ileile, kwa hiyo iandike pia kwenye ukurasa wa posta ya Ujerumani. Matukio ni yaleyale, ila kila posta inayaandika kwa lugha yake. Ukikwama na Kijerumani, rudi kwenye ukurasa wa posta ya nyumbani baada ya mzigo kufika. Mara nyingi tukio hilohilo linaonekana pale kwa lugha unayoielewa.

Sasa forodha, ambako presha za watu hupanda. Neno la kutafuta ni Zoll. Ukiona Verzollung, tulia. Maana yake mzigo unapitishwa forodha, na kila mzigo wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya unapita hapo. Hujakamatwa, hujatuhumiwa. Lakini ukiona Zollamt, hiyo ni ofisi yenyewe ya forodha. Hapo mara nyingi karatasi hazikutosha, na mpokeaji ataletewa barua ya kumwita.

Kuna mama mmoja, mtazamaji wetu, alimtumia binti yake vitenge na viatu. Kwenye fomu ya forodha akaandika neno moja tu: zawadi. Thamani hakuijaza. Ukurasa ukakaa kwenye Verzollung, halafu ukaruka ukaandika Zollamt, na mama akaniandikia, "Mwanangu, wameniibia." Nikamwambia hapana mama, mwambie binti aangalie sanduku la barua. Na kweli barua ilikuwepo, imelala chini ya matangazo ya supamaketi. Binti akaenda na barua, kitambulisho, risiti ya vitenge aliyopigiwa picha na mama yake, na maelezo mafupi ya nani katuma na kwa nini. Wakafungua boksi mbele yake, wakahesabu, akaondoka nalo.

Hoja yangu ni kwamba "zawadi" haimwambii ofisa kilichomo. Andika "vitenge vya pamba, vipande vitatu", kila kitu na bei yake ya kweli. Sheria ya hapa inasamehe kodi kwa zawadi ya mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi ikiwa thamani haizidi euro 45. Ukinunua dukani hiyo haikuhusu, na ule msamaha wa VAT kwa vitu vya hadi euro 22 ulifutwa Julai 1, 2021. Na kinachoniuma mimi binafsi, posta ikikulipia kodi forodhani, inaidai mlangoni pamoja na ada ya huduma yake. Kodi inaweza kuwa ndogo kuliko ada. Nimewahi kusimama mlangoni nikitafuta chenji kulipia kitu nilichotumiwa bure, na huko nyumbani wanasema siku hizi nimekuwa bahili. Tuyaache.

Mzigo ukitoka forodha, subiri neno Zustellfahrzeug. Hilo ni gari la kugawa mizigo. Umepakiwa, na kwa kawaida utafika siku hiyo. Ila hapa muwe makini, maana neno zugestellt linabeba habari tatu tofauti kutegemea majirani zake. Wird zugestellt, unapelekwa. Wurde zugestellt, umeshakabidhiwa. Konnte nicht zugestellt werden, wameshindwa kuukabidhi. Watu wanaona zugestellt katikati ya sentensi wanaanza kunipongeza, kumbe wameandikiwa umeshindikana. Tafuteni kwanza nicht. Na ukiona Nachbar, wamemwachia jirani. Jirani yangu mmoja alikaa na boksi langu mpaka nikalifuata, na akanitazama kama mimi ndiye niliyemchelewesha.

Kushindikana nako kuna sababu, na sababu ndiyo ya kusoma. Nicht angetroffen, hawakumkuta mpokeaji. Hiyo nyepesi. Mara nyingi mzigo unapelekwa Filiale, yaani tawi la posta, ukiwa zur Abholung, wa kuchukuliwa. Mpokeaji aende na kitambulisho kabla ya tarehe iliyotajwa, la sivyo unarudi ulikotoka. Ila ukiona nicht zu ermitteln, hata ungekaa sebuleni siku nzima usingesaidika. Wanasema mpokeaji hakutambulika kwenye anwani hiyo. Majengo mengi ya huku hayana namba za vyumba kwenye anwani. Mgawaji anasoma majina kwenye kengele za mlango wa chini, vile vikaratasi vidogo nyuma ya plastiki. Kama kijana wako amepanga chumba kwa mtu na jina lake halipo pale, kwa mgawaji hayupo. Dawa ni kuandika jina lake, halafu chini yake c/o na jina lililo kwenye kengele. Mzigo ukishaandikwa zurück an den Absender, uko njiani kurudi kwa mtumaji, na sijaona uliogeuzwa kwa kupiga simu. Hayo ni kwa nilivyoishi mimi. Mwingine anaweza kuwa na bahati yake.

Jambo la mwisho, ujumbe wa simu unaosema mzigo wako umezuiwa forodha, bonyeza hapa ulipe euro mbili. Msibonyeze. Nakilini namba yenu ya mzigo, muiandike wenyewe kwenye ukurasa wa posta. Kama pale hakuna deni, hakuna deni.

Na mkinitumia skrinishoti, naomba mzibe jina, anwani na namba ya mzigo kabla ya kuweka kwenye maoni. Nachohitaji ni ule mstari mmoja wa juu kabisa wenye tarehe. Ya chini ni ya zamani, msinitumie yote.