Kuanguka Mbele ya Watu Wengi

Ndugu zangu, habari za jioni. Tuchukue mfano wa hapa hapa Dodoma. Stendi ya Nane Nane imejaa abiria, kijana anaanguka, anapatwa na degedege la kifafa. Watu wanamzunguka na kutazama, hakuna anayemgusa. Je, wana hatia?

Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio walilofanya New York. Kila mwanafunzi aliketi peke yake chumbani, akiongea na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja wao, ambaye kumbe ni sauti iliyorekodiwa, akaanza kugugumiza maneno kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao tu wanaomsikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu waliotoka.

Na waliobaki vyumbani hawakuwa na roho mbaya. Mtafiti alipoingia, wengi walikuwa wanatetemeka mikono, wakiuliza kama mwenzao yuko salama. Walikuwa bado hawajaamua.

Mimi nawapunguzia lawama, kwa sababu hawakuonana. Kila mmoja angeweza kudhani kwa haki kabisa kwamba mwenzake ameshatoka. Pale stendi udhuru huo haupo. Unaona kwa macho yako kwamba hakuna aliyesogea. Kinachotudanganya hapo ni nyuso za wenzetu: kila mtu anamwona jirani yake ametulia, basi anahisi labda jambo si zito.

Wengine husema, tulikuwa hamsini, kwa hiyo lawama yangu ni moja ya hamsini. Sikubali. Deni la shilingi elfu hamsini likigawanywa kwa watu hamsini, kila mtu analipa elfu moja na deni linaisha. Kumgeuza mgonjwa alale ubavu hakugawanyiki hivyo. Ni mikono ya mtu mmoja, na kila mmoja wa wale hamsini alikuwa nayo.

Sheria ni habari nyingine. Ufaransa humwadhibu anayeacha kumsaidia aliye hatarini ilhali angeweza bila kujihatarisha, hadi miaka 5 jela. Mataifa yaliyorithi sheria ya Kiingereza kwa kawaida hayamwadhibu mpita njia tu. Lakini kutofungwa si sawa na kutolaumiwa.

Anayeogopa kwamba mapovu yanaambukiza kifafa, lawama yake ni ndogo, kwani amekosea kwa kutojua. Hayaambukizi. Na anayesema hajui huduma ya kwanza, hapo hahitaji kujua mengi. Ondoa mawe na vyuma karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshikilie kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni. Degedege likikoma, mlaze ubavu. Tazama saa: likizidi dakika tano, mnyooshee kidole mtu mmoja, umwambie, "Kaka mwenye shati la bluu, leta bajaji twende hospitali."