Bosi akikukatia mshahara na wewe ukanyamaza (mhadhara, Bagamoyo)

Asanteni, naona wengi hapa mnatoka mahotelini huku ufukweni, kwa hiyo nichukue mfano wa huko huko. Dada yuko risepsheni, mkataba unasema laki sita kwa mwezi. Msimu umelala, wageni hakuna, meneja anatupia meseji kwenye grupu la wasap kwamba kuanzia mwezi ujao ni laki nne na nusu, na wewe dada utasaidia dobi. Basi, imeisha hiyo. Je, anaruhusiwa?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri aandike kazi yako, mahali, saa na malipo. Kukibadilika kitu humo anatakiwa ashauriane na wewe, arekebishe maandishi na akujulishe kwa maandishi. Ile meseji ya grupu imemjulisha tu, hakuna aliyeshauriana naye. Na hata wangekaa mezani, kushauriana bado siyo kukubali, na mshahara ndo kiini cha mkataba, haushuki kwa neno la mmoja.

Kwenye kazi kuna ulegevu kidogo. Mikataba mingi ina mstari wa "na majukumu mengine utakayopangiwa", sasa huo unambeba bosi akikwambia upokee simu za bukingi, ila kukutoa risepsheni ukafue mashuka siku nzima, mi naona hapo ameshavuka.

Sasa shida kubwa iko hapa. Dada alinung'unika jikoni na wenzake, akapokea laki nne na nusu miezi mitatu, akasaini slipu zote. Mwajiri atasema huyu alikubali kwa vitendo, na hoja hiyo ina nguvu kuliko mnavyodhani, maana anayeamua anaangalia ulifanya nini baada ya kujua, siyo ulivyojisikia moyoni. Angeandika barua ya mistari miwili tu, "naendelea na kazi lakini sijakubali punguzo, naidai tofauti", akabaki na nakala iliyogongwa muhuri au hata akaituma kwa wasap, kimya chake kisingekuwepo na ile 150,000 iliyokatwa kila mwezi, jumla 450,000 kwa miezi mitatu, ingekuwa deni.

Kuna kaka ameuliza, je nikisaini kwa sababu nimeambiwa saini au ondoka? Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iwe huru, iliyotoka kwa shuruti au udanganyifu unaweza kuitengua, lakini wewe ndo utathibitisha. Watauliza ulipewa muda wa kusoma? Kulikuwa na shahidi? Ulilalamika lini, kesho yake au baada ya mwaka? Kusaini na kutulia mwaka mzima ni ngumu sana kuitetea.

Na muda, jamani. Mgogoro wa aina hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukiona hali haivumiliki ukaacha kazi na unadai kwamba yeye ndo kakufukuza kijanja, hapo ni siku 30 tu. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda na unatoa sababu za maana, "nilikuwa namsubiri bosi abadilike" haijawahi kunishawishi hata mimi.